Karatasi Mbili za Bi Vifungo

Wateja walimwita Bi Vifungo. Mwanzoni hakulipenda jina hilo, kwa sababu alikuwa mwalimu wa hesabu kwa miaka kumi na minane, na cheti chake kilikuwa bado kinaning'inia sebuleni ndani ya fremu. Lakini mumewe alipofariki na kumwachia kibanda cha vifaa vya ushonaji, hakukuwa na mtu mwingine wa kukishika. Aliacha chaki za ubaoni akashika chaki za mafundi. Akapanga vifungo kwenye chupa za kioo kwa rangi na kwa ukubwa, zipu akazitundika kwa urefu, na wateja wakaanza kusema kwamba kwa Bi Vifungo hata sindano zimepanga mstari.

Sifa aliyoijali kuliko zote ilikuwa moja. Katika soko zima hakuna aliyeweza kusema kwamba nyumba ile imemdhulumu mtu, au kwamba sauti za ugomvi zimewahi kusikika kutoka mlangoni kwake. Mambo ya nyumbani yalibaki nyumbani. Hata mwanawe wa pekee alipougua, majirani walijua siku ya mazishi tu kwamba alikuwa kitandani wiki tatu.

Mwana huyo ndiye aliyeleta malipo ya simu pale kibandani. Alisajili akaunti ya biashara kwa jina lake, akarudi na karatasi mbili zilizochapwa msimbo wa QR, ule mraba wa vidoadoa vyeusi na vyeupe. Alizikata mwenyewe kwa mkasi wa dukani, akazifunika kwa plastiki. Moja aliipigilia kwenye nguzo ya mbele, mahali ambapo wapita njia husimama. Ya pili aliitundika ndani, juu ya benchi ambalo mafundi cherehani hukaa wakichagua nyuzi.

"Mama, huu ni msimbo wa kudumu," alimweleza. "Ndani yake kuna namba yetu ya biashara tu. Bei haimo. Mteja anauskani, jina langu linamtokea, anaandika kiasi mwenyewe, anaweka namba yake ya siri, kwisha. Leo ni huu, kesho ni huu, mwakani ni huu huu."

"Na nikipandisha bei ya zipu?"

"Pandisha mpaka mafundi walie, mama. Karatasi haitajua."

Walicheka. Miezi mitano baadaye alimzika.

Alibaki na mkamwana wake na mjukuu wa kike wa miaka minne. Waliishi wote nyumba moja. Mkamwana alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, na alifuma masweta ya watoto nyumbani kwa kuuza. Simu ya marehemu ilibaki kwake, kwa sababu ndiyo iliyopokea ujumbe wa kila malipo, na Bi Vifungo hakupenda kubeba simu ile sokoni. Ilikuwa na picha ya mwanawe pale mbele. Ukiiwasha, anakutazama.

Lakini karatasi aliipenda. Kila mteja alipoelekeza simu yake kwenye nguzo, Bi Vifungo alimtangulia kwa maneno yale yale: "Litatokea jina la mwanangu. Bonyeza tu." Mteja angegeuza kioo cha simu amwonyeshe, "Ndiye huyu?" naye, bila hata kuvaa miwani, angejibu, "Ndiye huyo." Halafu angepima lasi au kuhesabu vifungo, moyo wake ukiwa umeshiba kidogo. Kila siku jina la mwanawe liliwaka mbele ya macho ya watu. Ofisi ya malipo haikuambiwa kwamba mwenye akaunti amekufa. Ingeambiwa, ingeifunga, na jina lingezimika.

Muuza ndoo wa jirani, mwanamke mwenye domo refu na roho nyepesi, alikuwa akimtania. "Shoga, hiyo karatasi unaipangusa vumbi kuliko vifungo. Utakuja kuivisha sweta."

"Wewe pangusa ndoo zako," angemjibu. "Kuna moja ina buibui ana wajukuu."

Jioni moja mkamwana alimwandalia chai, akakaa kwenye kigoda, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuruka mtaro.

"Mama, nilikuwa nafikiri tubadilishe ule msimbo wa karatasi."

"Una nini?"

"Hauna kitu. Ila kuna ule wa simu. Kila mteja unamtengenezea wake. Unaandika bei, simu inachora msimbo wenye bei hiyo na namba ya muamala huo, yeye anauskani palepale. Hawezi kupunguza hata senti. Akishalipa, simu yako inaonyesha alama ya kijani, na msimbo ule umekufa, hautumiki tena. Asipolipa, baada ya dakika tano unakufa wenyewe. Sasa hivi mteja anaondoka na zipu yake, wewe huna simu, mimi niko huku nyumbani. Hujui kama kimeingia kitu au hakikuingia."

"Na huo wa simu utasajiliwa kwa jina la nani?"

Mkamwana alitazama chai. "Watataka mtu aliye hai, mama. Linaweza kuwa lako. Au langu, kama wewe utachoka na mambo ya simu."

Alichosikia Bi Vifungo ni hilo neno la mwisho tu. *Langu.* Alikunywa chai yake, akaosha kikombe mwenyewe, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

Alikuwa na daftari, kama mwalimu yeyote. Kila mauzo ya karatasi aliyaandika na saa yake, na kila Jumamosi mkamwana alimsomea ujumbe kutoka kwenye simu ya marehemu, wakalinganisha. Miezi yote hiyo vilikuwa vikienda sawa. Jumamosi iliyofuata baada ya mazungumzo yale, malipo sita hayakuonekana kwenye simu.

"Labda mtandao," mkamwana alisema.

Jumamosi ya pili hayakuonekana kumi na manne.

Bi Vifungo alilala na daftari lile kichwani. Aliamka akalipitia kama alivyokuwa akipitia mtihani wa mwanafunzi anayemshuku kutazama kwa jirani. Na akaona kitu. Malipo ya mafundi yote yalikuwa yamefika: fundi wa suti, yule wa sare za shule, yule mama wa mapazia. Yaliyopotea yote yalikuwa ya wapita njia, watu asiowajua kwa sura, watu ambao hawezi kuwatafuta awaulize, "Je, ulilipa kweli?"

Mtandao hauchagui namna hiyo, alijiambia. Mtandao haujui nani fundi na nani mpita njia. Anayejua ni mtu. Mtu mwenye simu mkononi, anayefuta ujumbe wa wale wasioweza kuulizwa na kuacha wa wale wanaoweza. Nilifundisha hesabu, alijiambia. Nilifundisha hesabu miaka kumi na minane.

Hakusema nyumbani, kwa sababu ya mtoto. Alingoja mkamwana alipokuja sokoni kumletea chakula cha mchana, akiwa na mjukuu mkononi, ndipo akamwita ndani ya kibanda na kushusha sauti. Lakini sauti iliyoshushwa kwa hasira husikika mbali, na muuza ndoo aliacha kupanga ndoo zake.

"Ulitaka jina lako. Nilipokunyima ukaamua kujigawia."

"Mama, sijakuelewa."

"Mwenye simu ni nani? Mimi? Za mafundi zinafika, za wageni zinayeyuka. Unadhani umeolewa na mtoto wa mjinga?"

Maneno ya mkamwana yalikuwa na mpango. "Twende ofisini kwao, mama. Sasa hivi. Watatoa taarifa yote ya akaunti, kila kilichoingia, kila kilichotoka. Hata nikifuta ujumbe, kule kwao haufutiki. Kama kuna nilichochukua, kitaonekana."

Hapo palikuwa na njia. Ilikuwa mtaa wa pili, mwendo wa robo saa kwa miguu. Bi Vifungo aliiona, na baadaye angekumbuka vizuri kwamba aliiona. Lakini pale ofisini wangeuliza, *Mwenye akaunti yuko wapi?* Naye angelazimika kutamka. Akaunti ingefungwa, karatasi zingekuwa plastiki tupu, na watu wa foleni wangesikia kwamba katika nyumba ile mama na mkamwana wanapelekana mbele ya makarani kwa wizi.

"Siendi kuianika nyumba yangu mbele za watu," alisema.

"Basi mimi ndiye wa kuanikwa?"

"Mwizi ajianike mwenyewe."

Neno lilitoka kwa sauti kamili. Mafundi wawili waliokuwa kwenye benchi waliinamia nyuzi zao. Mkamwana alitoa simu ya marehemu kwenye mkoba, akaiweka juu ya meza ya kukatia lasi, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Alimchukua binti yake. Mtoto aliuliza, "Bibi haji kula?" na mama yake akaendelea kutembea. Jioni Bi Vifungo aliporudi nyumbani, mashine ya kufumia haikuwepo, na kitanda kidogo kilikuwa kimetandikwa vizuri sana.

Siku tatu alibeba ile simu sokoni, kwa sababu sasa hapakuwa na mwingine wa kuibeba. Aliiweka kifudifudi ili picha isimtazame.

Siku ya tatu alikuja dada mmoja mgeni akataka mita mbili za utepe. Aliskani karatasi ya nguzoni. "Litatokea jina la mwanangu, bonyeza tu," Bi Vifungo alisema kwa mazoea. Dada akageuza kioo, "Ndiye huyu?" Ndiye huyo. Dada akaondoka.

Simu juu ya meza ilikaa kimya.

Muda si mrefu fundi wa suti, aliyekuwa ndani kwenye benchi, alisimama, akaskani karatasi ya pale juu yake, akalipia makopo matatu ya uzi. Simu ikalia palepale. Bi Vifungo aliitazama kana kwamba imemwita kwa jina lake la utotoni.

"Fundi," alisema, "hebu rudia. Lipa kitu kidogo kabisa. Lakini hii ya nje."

"Mwalimu, nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Nitakurudishia. Skani tu."

Fundi akaenda mbele, akaelekeza simu yake nguzoni. Akasita. Akasoma, akasoma tena, akavua kofia.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

Bi Vifungo alivaa miwani. Jina lililokuwa kwenye kioo lilikuwa la mwanamume. Halikuwa la mwanawe. Hakulijua, hakuwahi kulisikia.

Alipitisha ukucha kwenye pembe ya karatasi. Pembe ikainuka. Juu ya plastiki aliyoifunga mwanawe kulikuwa na stika nyingine, ya ukubwa ule ule, yenye mraba wa vidoadoa uliofanana na ule wa chini kama pacha, kwa mtu asiye na simu ya kuusoma. Macho ya binadamu hayasomi vidoadoa. Alipoivuta yote ikatoka kwa sauti ya kuchanika, na chini yake msimbo wa mwanawe ulikuwa mzima, safi, umekaa gizani majuma mawili na zaidi.

Hesabu ilijipanga yenyewe kichwani, bila kuombwa. Mtu fulani alisimama pale mbele, akajifanya anatazama lasi, akabandika msimbo wake juu ya wao. Karatasi ya nje ilitumiwa na wapita njia. Ya ndani, ambayo mgeni haifikii, ilitumiwa na mafundi. Ndiyo maana za mafundi zilifika. Ndiyo maana za wageni zilipotea. Haikuhitaji mtu mwenye simu mkononi. Haikuhitaji mkamwana. Mwalimu wa hesabu alikuwa ameandika saa, kiasi na aina ya bidhaa, ila hakuandika mteja ameskani karatasi ipi kati ya mbili.

Na siku zote hizo, wageni walipomgeuzia kioo na kumwuliza kama huyo ndiye mwanawe, alikuwa amewaambia ndiye. Jina la mwizi. Mara ngapi? Alikaa kwenye benchi la mafundi, na fundi, ambaye hakuwahi kumwona akilia hata mazishini, alisogeza makopo ya uzi ili apate nafasi.

Mkamwana alikuwa kwa mama yake mzazi, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Bi Vifungo alikwenda na stika ile ndani ya bahasha. Alikaribishwa vizuri. Alipewa kiti chenye mto. Alieleza yote, hakujificha, na mwisho akasema, "Mwanangu, nimekukosea. Naomba unisamehe, turudi nyumbani."

Mkamwana alishika ile stika, akaigeuza upande wenye gundi, uliokuwa umejaa vumbi. "Nimekusamehe, mama," alisema kwa sauti yake ile ndogo. "Wewe ni mama wa mume wangu. Siwezi kukuwekea kinyongo."

"Basi twende."

"Lakini pale sokoni niliitwa mwizi mbele za watu. Mimi masweta yangu nauza pale pale. Jana nilipita kwa mama mmoja aliyekuwa ananinunulia kila mwezi. Akafunga droo yake ya pesa kwanza, ndipo akanisalimia." Alimrudishia stika. "Nilikuomba robo saa tu, mama. Mwendo wa robo saa. Ukaona bora nipotee mimi kuliko lile jina kwenye karatasi. Nami nilimpenda mwenye jina hilo."

Mjukuu alitokea mlangoni, akasimama nusu ndani nusu nje. Bi Vifungo alimnyooshea mkono. Mtoto alimtazama mama yake kwanza, kuomba ruhusa. Hakuwahi kuomba ruhusa kwenda kwa bibi yake. Hilo lilimchoma kuliko maneno yote.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ile ofisi ya mtaa wa pili. Karani alipouliza mwenye akaunti yuko wapi, alijibu, "Amefariki. Ni mwanangu. Nilipaswa kuwaambia mapema." Watu wa foleni walisikia. Dunia haikupasuka. Akaunti ikafungwa, kilichokuwemo kikasubiri karatasi za mirathi, na yeye akasajili nyingine kwa jina lake mwenyewe. Kuhusu ile stika alielekezwa polisi, akaandikiwa namba ya shauri, na hakuna zaidi aliloelezwa.

Kisha akafanya jambo ambalo soko lile halikuwahi kumwona akilifanya. Alianza kwa muuza ndoo, akaenda kwa muuza viatu, kwa wa vyombo, kwa yule mama wa droo, kibanda kwa kibanda, stika mkononi. "Mlinisikia nikimwita mkamwana wangu mwizi. Nilisema uongo. Aliyeiba ni mwenye hii. Aliyekosa ni mimi." Wengine walimpa pole. Wengine walikwenda haraka kukwaruza pembe za karatasi zao. Muuza ndoo, kwa mara ya kwanza, hakuwa na utani. Alimshika mkono tu, akasema, "Shoga, kaa kidogo unywe maji."

"Nimebakiza safu mbili," alijibu, akaendelea.

Habari zilimfikia mkamwana, maana habari za sokoni zina miguu. Alimtumia shukrani kupitia fundi wa suti. Mwezi uliofuata alipata kazi ya kiwanda cha masweta katika mji mwingine, akamleta mtoto kuaga. Walikaa saa moja. Hakukuwa na ugomvi. Ilikuwa saa ya adabu, ya chai na habari za safari, na mtoto alikula biskuti mbili akasema ahsante kama mgeni.

Sasa Bi Vifungo hutumia msimbo wa simu. Anavaa miwani, anaandika bei, mraba unajichora kwenye kioo, mteja anauskani, alama ya kijani inatokea, mraba unapotea. Nguzo ya mbele ina misumari minne tupu. Karatasi za mwanawe ziko nyumbani, nyuma ya fremu ya cheti. Ukiziskani leo hazimpati mtu.

Siku moja alikuja mteja wa zamani, mama aliyekuwa hajafika tangu mwaka jana. Alichagua vifungo kumi vya pembe. Bi Vifungo alimtengenezea msimbo, akamsogezea simu.

"Siku hizi hamna ile karatasi?" mama aliuliza, akitafuta simu yake mkobani. "Na yule binti aliyekuwa anakuletea chakula, mwenye kile kitoto kizuri? Hawajambo?"

Angeweza kusema hawajambo. Lilikuwa jibu fupi, la heshima, na lingefunga mlango. Badala yake alivua miwani, akaanza mwanzo, kwenye zile karatasi mbili, ya nje na ya ndani. Alieleza yote, na neno lile alilolisema alilitamka kama lilivyokuwa, bila kulilainisha. Yule mama alisahau simu mkononi.

Alipomaliza, mteja alijipangusa macho, akaelekeza simu yake kwenye ule mraba, akasubiri, akakunja uso.

"Unakataa, mama. Unasema muda umekwisha."

"Najua," alisema Bi Vifungo, akavaa tena miwani yake. "Dakika tano tu. Ngoja nikuchoree mwingine."